Hesabu Iliyojificha Ndani ya Ankara

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akipokea mzigo kutoka kwa muuzaji wa jumla, karatasi inayoambatana na mzigo huo huishia sehemu mbili. Nakala moja huingia kwenye faili au kwenye boksi chini ya meza, na picha yake hubaki ndani ya simu, katikati ya picha za harusi na za watoto. Mwezi ukiisha, anataka kujua nondo alinunua kwa bei gani na kama misumari imepanda. Picha haiwezi kumjibu. Haijumlishi, haipangi, wala haitafuti. Jedwali la kompyuta linaweza, ila lazima namba zitoke kwenye picha ziingie kwenye jedwali zikiwa salama, na hapo ndipo penye kazi.

Siku hizi kuzitoa namba kwenye picha ni rahisi. Programu ya Excel ya kwenye simu ina sehemu iitwayo `Data from Picture`: unapiga picha, unaweka fremu kuzunguka sehemu yenye jedwali, unathibitisha, na baada ya muda mfupi namba zinatokea kwenye visanduku. Zipo programu nyingine zinazofanya kazi hiyo hiyo. Zote zinakisia umbo la kila herufi kutokana na madoa ya wino, kisha zinakisia ni maandishi gani yako kwenye safu moja na yapi yako kwenye mstari mmoja. Programu haijui nondo ni nini wala haijui kwamba mfuko wa saruji hauwezi kuuzwa shilingi 15. Ikikosea, inakosea kwa utulivu ule ule inaopatia.

Bahati njema ni kwamba ankara haikuandikwa kama orodha ya namba zisizojuana. Kila mstari una idadi, bei ya kimoja na jumla ya mstari, na namba hizo tatu zinashuhudiana: ya kwanza ukiizidisha kwa ya pili, lazima upate ya tatu. Jumla za mistari nazo zikijumlishwa lazima zilingane na jumla ndogo iliyochapwa chini. Jumla ndogo ikiongezwa kodi, lazima ilete namba ya mwisho. Karatasi imekuja na mashahidi wake. Wengi wanaohamisha ankara kwenda kwenye jedwali huwafukuza mashahidi hao mapema: wanachukua idadi na bei peke yake, kisha wanaiachia kompyuta ikokotoe jumla. Jedwali linapendeza, kila mstari unalingana, na hakuna kilichokaguliwa, kwa sababu kompyuta imelinganisha hesabu yake na hesabu yake mwenyewe.

Kwa hiyo jedwali linahitaji safu moja zaidi ya ile ambayo watu huiona inatosha. Safu A iwe namba ya mstari, B bidhaa, C kipimo (mfuko, kilo, kipande, ndoo), D idadi, E bei ya kimoja, na F jumla ya mstari kama ilivyochapwa kwenye karatasi. Safu G ndiyo ya ukaguzi, na fomula yake ni fupi:

```
=D2*E2-F2
```

Ikitoa sifuri, mstari umekubaliana na nafsi yake. Ikitoa namba nyingine yoyote, rudi kwenye picha.

Kabla ya kufika huko, picha yenyewe. Makosa mengi yanayolaumiwa programu yametengenezwa na mpiga picha. Laza karatasi mezani karibu na dirisha au kibarazani kwenye kivuli, inyooshe mikunjo, na simu iwe sambamba na karatasi, juu yake kabisa. Ukiipiga kwa kuinama upande mmoja, mistari inapanda kuelekea kona, na programu huchukua bei ya mstari wa tatu ikaiweka kwenye mstari wa nne. Mwanga wa simu, ule wa `flash`, uzime, hasa kwa risiti za mashine ya EFD, maana karatasi ile inang'aa na katikati ya picha unabaki mwanga mweupe usio na namba. Karatasi hiyo hiyo hufifia kwa joto, kwa hiyo ipige picha siku uliyoipokea.

Kuna kosa jingine la picha ambalo halionekani kwa macho. Kijana aliyeko ghalani anapiga picha nzuri, anaituma kwa WhatsApp, na WhatsApp inaipunguza ukubwa ili isafiri upesi. Kwenye kioo cha simu inaonekana safi, lakini ukiivuta, kingo za tarakimu zimekuwa ukungu, na hapo 5 na 8 zinafanana. Dawa yake ni kuituma picha kama faili, kwa njia ile ile ya kutuma hati. Itachukua bando zaidi, lakini itafika na nukta zake zote.

Sasa tuchukue ankara moja ya mfano. Bei zake nimezitunga, lakini makosa yake ni yale yanayotokea kila siku. Duka limenunua bidhaa 6, ankara imechapwa kwa kompyuta, bei zimeandikwa kwa mtindo wetu wa kumalizia na alama ya `/=`, na chini kuna jumla ndogo ya 1,737,000, kodi ya ongezeko la thamani ya 312,660, na jumla kuu ya 2,049,660. Simu imesoma picha na kuleta hivi:

| Bidhaa | Idadi | Bei | Jumla |
|---|---|---|---|
| Saruji kg 50 | 40 | 15500 | 620000 |
| Nondo mm 10 | 24 | 11500 | 420000 |
| Misumari inchi 4 | 25 | 32001 | 80000 |
| Bati geji 30 futi 10 | 16 | 23000 | 368000 |
| Rangi ya maji nyeupe | 3 | 68000 | 204000 |
| ndoo lita 20 | | | |
| Waya wa kufungia | 10 | 4800 | 48000 |

Cha kwanza kinachoonekana ni mistari 7 badala ya 6. Jina la rangi lilikuwa refu, likashuka mstari wa pili, na programu ikadhani ni bidhaa nyingine. Hili ni kosa la heri kwa sababu visanduku vitupu vinalisema. Unganisha maneno kwenye kisanduku kimoja, futa mstari mtupu, na upange kipimo kwenye safu yake. Usiache "ndoo lita 20" ibaki ikielea ndani ya jina, maana mwezi ujao muuzaji anaweza kuleta ndoo ya lita 4, na bei hizo mbili hazilinganishiki.

Halafu tazama safu ya ukaguzi. Saruji: 40 mara 15,500 ni 620,000, sifuri. Nondo: 24 mara 11,500 ni 276,000, lakini karatasi inasema 420,000. Tofauti ni 144,000. Wengi hapa hukimbilia picha na kuanza kukodoa macho. Kabla hujaenda, igawanye tofauti hiyo kwa idadi: 144,000 kwa 24 ni 6,000 kamili. Bei imesomwa pungufu kwa 6,000, yaani tarakimu ya maelfu imepungua 6. Tarakimu ipi ikipungua 6 inakuwa 1? Ni 7. Bei ni 17,500, na programu imesoma 7 kuwa 1. Sasa nenda kwenye picha, ukiwa tayari unajua utazame tarakimu ipi.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu makosa ya kusoma picha yana tabia zake. Programu haichanganyi tarakimu ovyo. Inachanganya zinazofanana sura. 1 na 7 zinatofautiana kwa 6. 3 na 8 zinatofautiana kwa 5. 5 na 8 kwa 3, 5 na 6 kwa 1, 0 na 8 kwa 8. Tofauti ya mstari ukiigawanya kwa idadi, ukapata tarakimu moja inayofuatiwa na masifuri, umeshajua nafasi na umeshajua jozi. Kosa likiwa kwenye idadi, gawanya tofauti kwa bei badala yake, utapata namba ndogo kamili. Na kama kugawanya hakuleti namba nzuri kwa njia yoyote, shuku jumla ya mstari, au shuku kwamba mstari mzima umechukua namba za jirani yake.

Anayeingiza namba kwa vidole hukosea kwa namna nyingine: hugeuza tarakimu mbili, 17,500 ikawa 71,500. Wahasibu wanajua siku nyingi kwamba tofauti ya namba mbili za namna hiyo hugawanyika kwa 9 (hapa ni 54,000, sawa na 9 mara 6,000). Kwa picha, kipimo hicho cha 9 hakikusaidii sana. 144,000 nayo inagawanyika kwa 9, na hapakuwa na tarakimu yoyote iliyogeuzwa.

Misumari inatoa hesabu ya ajabu: 25 mara 32,001 ni 800,025, dhidi ya 80,000. Namba inayokaribia mara 10 ya inayotakiwa, na bei inayoishia na 1. Hakuna muuza misumari anayetoza shilingi moja ya mwisho. Hiyo ni alama ya `/=` iliyosomwa kuwa 1, na sehemu yake ya pili ikapotea. Bei ni 3,200. Kosa hili ni la kwetu Afrika Mashariki, ndipo alama hiyo inapoandikwa, na programu nyingi hazikulelewa nalo. Wakati mwingine alama husomwa kuwa 7, mara nyingine mkwaju wake hugeuka herufi ya `l`. Kabla ya hesabu yoyote, pitia safu ya bei ukitafuta zinazoishia na 1 au 7, na zile zilizobaki na mkia wa `/`, `=` au `-`.

Bati na rangi zinatoa sifuri. Waya nayo sifuri: 10 mara 4,800 ni 48,000. Kwa mtazamo wa safu G kazi imekwisha. Lakini jumla za mistari zikijumlishwa zinaleta 1,740,000, na karatasi inasema 1,737,000. Zimezidi 3,000.

Hapa ukaguzi wa mstari peke yake umeshindwa, kwa sababu kosa limejirudia. Mashine ya kuchapa imechakaa, 5 yake inafanana na 8, na programu imeikosea kwenye bei na kwenye jumla kwa mfano ule ule. Mstari umejishuhudia uongo mara mbili na ukakubaliana. Shahidi wa pili, jumla ndogo, ndiye amekataa. Tafuta basi mstari ambao jumla yake ikipungua 3,000, bei nayo inabaki ya kuaminika. Saruji ingekuwa 617,000, na kwa mifuko 40 bei ni 15,425. Si bei ya duka la jumla. Nondo ingekuwa 17,375, misumari 3,080, bati 22,812 na senti 50. Rangi ingekuwa 67,000, nayo inawezekana. Waya ingekuwa 4,500, nayo inawezekana pia. Zimebaki mbili. Hesabu imepunguza mahali pa kutazama kutoka mistari 6 hadi miwili, na kutoka hapo jicho ndilo linaloamua. Kwa rangi, 8 ingehitaji kuwa 7, na 4 kuwa 1. Kwa waya, 8 mbili zingehitaji kuwa 5 mbili. Ukivuta picha kwenye mstari wa waya unaona uwazi mdogo upande wa kushoto wa tarakimu, ambao 8 haina. Ni 4,500 na 45,000, na jumla sasa ni 1,737,000.

Shahidi wa tatu ni kodi. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na 1,737,000 mara 0.18 ni 312,660, kama karatasi inavyosema. (Kenya ingekuwa asilimia 16.) Hesabu hii inafaa hata ambapo kila tarakimu imesomwa sawasawa, kwa sababu inakuambia kama bei ulizoingiza zina kodi ndani au hazina. Jumla za mistari zikilingana na jumla kuu moja kwa moja, bila kuongeza kitu, bei zina kodi ndani. Zikilingana na jumla ndogo, kodi haimo. Nondo ya 17,500 bila kodi ni 20,650 ukiiongeza. Mwenye duka anayechanganya ankara za aina zote mbili kwenye safu moja ataamini muuzaji mmoja ni ghali kuliko mwenzake, kumbe wanauza sawa. Weka safu ya kusema bei ina kodi au haina, au zigeuze zote ziwe za aina moja.

Sasa kuna hila za jedwali lenyewe, na hii nairudia kwa kila ninayemwona akihangaika. Kisanduku kinaweza kuonyesha 45,000 huku Excel inakihesabu kama maneno. Pengine kimebeba nafasi isiyoonekana, pengine kimeingia kama maandishi tangu mwanzo. Ukizidisha, Excel inakusamehe: inayageuza maandishi kuwa namba na kuleta jibu sahihi, kwa hiyo safu ya ukaguzi inaonyesha sifuri. Lakini `SUM` ikipita juu ya safu hiyo, inakiruka kisanduku hicho kimya kimya. Matokeo yake kila mstari uko sawa na jumla ya chini imepungua, tena imepungua kwa kiasi kilicho sawa kabisa na jumla ya mstari mmoja. Ukiona hivyo, usitafute tarakimu iliyosomwa vibaya. Mstari umerukwa na `SUM`, au haukusomwa kabisa kwa sababu ulikuwa kwenye mkunjo. Kuhesabu visanduku vyenye namba halisi kunaamua lipi ni lipi:

```
=COUNT(F2:F7)
```

Ikileta 5 huku mistari yote 6 imo kwenye jedwali, kimoja ni maneno. Mara nyingi kitajionyesha pia kwa kuegemea kushoto wakati wenzake wameegemea kulia. Ikiwa mahali pa sifuri imeingia herufi O, hata kuzidisha kutagoma na kisanduku kitaandika `#VALUE!`. Kosa la namna hiyo ni afadhali, kwa kuwa linapiga kelele.

Mashahidi wote watatu wanaweza kudanganywa kwa pamoja, na ni vizuri kujua kwa njia zipi. Ya kwanza ni safu kubadilishana. Baadhi ya ankara huchapa bei kabla ya idadi. Ukibandika bila kutazama vichwa vya safu, utakuwa na nondo 17,500 kwa shilingi 24 kila moja, na kuzidisha hakujali nani katangulia. Jumla ya mstari, jumla ndogo na kodi zote zitakubali. Dalili ni moja tu: idadi kubwa kuliko bei, jambo ambalo kwa shilingi ni nadra.

Ya pili huwapata wanaopokea mzigo kutoka Bujumbura au Lubumbashi, ambako ankara nyingi hufuata desturi ya Kifaransa: maelfu hutenganishwa kwa nafasi au nukta, na desimali kwa mkato. Nondo ya 17.500 ikisomwa na simu iliyowekwa kwa Kiingereza inakuwa kumi na saba na nusu. Jumla ya mstari, 420.000, inakuwa mia nne na ishirini. 24 mara 17.5 ni 420, na safu ya ukaguzi inafurahi. Kinachofichua ni namba zinazopita milioni: 1.737.000 ina nukta mbili, Excel haiwezi kuifanya namba, inaiacha kama maneno. Ukiwa na ankara ya namna hiyo, badilisha mpangilio wa namba wa kompyuta kabla ya kuingiza, usianze kuzidisha kwa elfu kisanduku kimoja kimoja.

Ya tatu ni jina. Hesabu haijui tofauti ya nondo mm 10 na mm 16. Safu ya bidhaa inasomwa na mtu, neno kwa neno, hakuna njia ya mkato.

Kuna wakati pia karatasi yenyewe ndiyo iliyokosea. Mhudumu kazidisha vibaya, au kabadilisha bei kwa kalamu akasahau jumla. Jedwali lichukue kilichoandikwa, kosa na yote, na pembeni uandike maneno mawili ya kueleza. Ukirekebisha ndani ya jedwali, jedwali na karatasi havitakubaliana tena, na siku muuzaji akidai salio lake mtakuwa na hesabu mbili mezani. Kosa hurekebishwa na aliyelitoa, kwa ankara mpya au hati ya marekebisho.

Vivyo hivyo kwa tarakimu isiyosomeka. Tone la maji limeangukia bei, idadi ni 16 na jumla ni 368,000. Kishawishi ni kugawanya, kupata 23,000, kuandika na kuendelea. Jibu huenda ni sahihi. Lakini bei hiyo sasa imezaliwa na jumla, haiwezi tena kuikagua jumla, na sifuri inayotokea kwenye safu G haina maana yoyote. Ukigawanya, kipake kisanduku rangi ili ajaye ajue namba hiyo imekisiwa, kisha mpigie muuzaji akusomee kutoka kwenye nakala yake.

Ankara za mkono zilizopita kwenye kaboni sizipeleki kwenye programu hata kidogo. Nakala ya tatu ya kitabu cha kaboni ina mistari ya rangi ya majivu, 1 yenye kofia kama 7, na mihuri iliyopigwa juu ya bei. Muda wa kusahihisha unazidi muda wa kuandika upya. Watu wawili wanazimaliza upesi: mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi, idadi, bei, jumla, mwingine anaandika, na safu G iko wazi mbele yao ikisema sifuri, sifuri, sifuri, mpaka itakapogoma.